Risala kwa Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji Kuhusu Pochi Bandia za Sarafu za Kidijitali



Sisi wachuuzi na mafundi wa Mombasa tunaoweka akiba katika pochi za sarafu za kidijitali tunaibiwa, na tunawaletea malalamiko na madai yetu.

Pochi unayoishika mwenyewe hukupa, siku ya kuifungua, maneno ya siri, kwa kawaida 12 au 24. Maneno hayo ndiyo mali yenyewe. Atakayeyapata ataifungua pochi yako kwenye simu yake, popote alipo, bila PIN wala kitambulisho chako. Ukikosea namba kwenye M-Pesa, unatuma ujumbe kwa 456 na huenda ukarudishiwa. Huku hakuna wa kumtumia ujumbe.

Fundi mwenzetu alitumiwa kiungo cha pochi kwenye kundi la simu. Nembo ilikuwa ileile aliyoizoea. Programu ikamwambia kwamba pochi yake inahitaji kuhakikiwa, aandike maneno yake yote. Akaandika, na sarafu zikahama papo hapo. Kesho yake akapigiwa na mtu aliyejiita wakala wa kurejesha fedha, aliyedai ada kwanza. Akalipa, akaibiwa mara ya pili.

Hata duka rasmi la programu si kinga kamili. Mwaka 2021 programu iliyojifanya ni ya Trezor ilipita ukaguzi wa duka la Apple, na mteja mmoja akapoteza bitkoini 17.1. Trezor wakati huo haikuwa na programu ya iPhone kabisa. Angeanzia kwenye tovuti ya mtengenezaji angeligundua hilo. Nyota na sifa zilizoandikwa dukani si ushahidi, kwani zinaweza kutungwa na matapeli wenyewe.

Sheria ya 2025 ya watoa huduma za mali za kidijitali imewakabidhi ninyi kazi ya kutoa leseni. Tunajua kwamba leseni haiwezi kurudisha sarafu iliyokwisha kuhama, na kwamba pochi ambayo maneno yake yako mikononi mwa mtumiaji peke yake ni vigumu kuisimamia. Kwa sababu hiyo tunadai yaliyo ndani ya uwezo wenu.

Chapisheni kwa Kiswahili orodha ya wenye leseni, pamoja na anwani kamili za tovuti zao. Wawekeeni sharti la kuwaonya wateja kwa Kiswahili chepesi kwamba maneno ya siri huandikwa tu pale mwenyewe anaporejesha pochi yake, na kwamba yeyote anayeyaomba ni mwizi. Fungueni pia dawati la dharura la kupokea namba ya muamala na kuliarifu soko la sarafu ambako mali imepelekwa, maana likiarifiwa kabla mwizi hajatoa fedha, linaweza kuifunga akaunti yake.

Dawati hilo tunaliomba kwanza, kwa sababu kila saa inayopita humpa mwizi nafasi ya kutoweka na mali yetu.