Muhtasari wa asubuhi: Mashine haijui saa yetu

Machi 2025 serikali ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde, wa 2025 hadi 2030. Tangu hapo hukosi mtu wa kukwambia akili unde itakupa kazi, au itakupokonya. Leo tuongee kitu kidogo tu: saa tatu.

Niko hapa Kwa Vonza, kando ya barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui. Chuo niliacha mwaka wa pili. Siku hizi natengeneza mabango na kadi, na wateja wengi ni wanafunzi wa SEKU. Kila kitu naandika kwenye faili moja ya simu: nani anakuja lini, nani ana deni, karatasi zimebaki ngapi. Usiku faili hiyo ni vurugu tupu, Kiswahili, Kikamba na Kiingereza kwa sentensi moja.

Ndio nikaandika skripti fupi. Alfajiri inasoma faili, inaituma kwa huduma ya kutunga maandishi pamoja na maagizo yangu, kisha inaniwekea muhtasari wa mistari sita hivi. Naamka, nasoma, naanza kazi. Wiki ya kwanza nilijiona bosi.

Halafu usiku mmoja nikaandika: "Kesho saa tatu mteja wa bango, amelipa 1500, deni 700." Muhtasari ukasema nina mteja saa 3:00 alasiri. Nikaenda zangu mtoni kuchota maji. Mteja alifika saa tatu asubuhi, akakuta mlango umefungwa, akaondoka.

Kosa lilikuwa langu. Wewe na mimi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, kwa hivyo saa tatu asubuhi ni 09:00. Mashine imesoma Kiingereza kingi mno kuliko Kiswahili, hivyo ikiona "tatu" mara nyingi inaandika 3. Hata ratiba inayoiamsha skripti yangu imeandikwa `30 5 * * *`, na hiyo kwetu ni saa kumi na moja na nusu. Tofauti ni saa sita kila mara.

Ungedhani dawa ni kuiambia mashine, "toa saa za Kiswahili." Nilijaribu. Siku moja inapatia, siku nyingine inabadilisha hata ile 14:00 niliyokuwa nimeandika sawasawa. Kilichosaidia ni kubadilisha mkono wangu: kwenye faili naandika 09:00, basi. Na neno "kesho" nimeliacha, kwa sababu mashine haijui leo ni lini usipoiambia. Mstari wa kwanza wa faili sasa ni tarehe, na kila miadi ina tarehe yake.

Hata hivyo sikuiamini tena. Nikaongeza ukaguzi ambao hauhitaji akili yoyote: nionyeshe kila namba iliyo kwenye muhtasari lakini haipo kwenye faili yangu.

```bash
comm -13 <(grep -oE '[0-9]+' notes.txt | sort -u) \
         <(grep -oE '[0-9]+' summary.txt | sort -u)
```

Ikinyamaza, kila kundi la tarakimu lililo kwenye muhtasari limo pia kwenye faili yako. Ikitoa namba, rudi kwenye faili yako kabla ya kutoka nyumbani. Ukiandika `-23` badala ya `-13` inakuonyesha namba zilizoachwa, na hapo ndipo madeni hujificha. Wakati mwingine itapiga kelele bure: wewe uliandika 1500, mashine ikaandika 1,500. Kibaya zaidi ni kile isichokiona. Mashine ikimpa Mwende deni la Mutua, namba zote ni halali, na ukaguzi utanyamaza. Kwa hivyo mstari wa pesa nausoma mwenyewe kwenye faili.

Na hayo majina? Hapa ndipo wengi hatufikirii. Faili yako ikitumwa, inatoka kwa simu na kwenda kwa kompyuta ya mtu mwingine, mara nyingi nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakusamehe ukishughulikia mambo yako binafsi au ya nyumbani. Lakini jina la mteja, namba yake ya simu na deni lake si mambo ya nyumbani, hiyo ni biashara. Mimi sasa naandika "mteja A", "mteja B", na orodha ya nani ni nani iko kwenye faili nyingine ambayo skripti haiigusi. Namba za simu haziingii kabisa.

Yule mteja wa bango alirudi siku mbili baadaye, akalipa ile 700. Alinipa masharti lakini: siku nyingine nimwambie saa kwa mdomo.