Mwambieni Mama Ukweli

Mama mmoja, muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, alinionyesha barua anayotaka kuipeleka kwenye akademi ya soka hapa Mwanza iliyomtema mwanawe wa miaka 14. Alipopigiwa simu aliambiwa tu kwamba "kiwango hakijafika". Haombi mtoto arudishwe, na hapo ndipo barua yake inapopata nguvu, maana kocha asiyeshinikizwa hana sababu ya kuficha. Anauliza: mlimpima akicheza namba ngapi, mkimlinganisha na nani? Swali hilo la pili ndilo kubwa. Mashindano mengi ya vijana huhesabu umri kuanzia Januari 1, kwa hiyo kijana wake wa Novemba anagombea namba na wa Januari aliyemtangulia karibu mwaka mzima. Tena katika umri huo mmoja ameshavunja sauti na kupanuka mabega, mwingine bado mtoto. Beki wa pembeni anayeangushwa kila akigombea mpira huenda anakosa kilo tu. Anayechelewa kuinua kichwa kabla ya kupokea pasi ana kasoro ya mchezo, na hiyo hufundishika. Majibu hayo mawili yanampeleka kijana njia mbili tofauti. Nilimshauri mama aongeze ombi moja: jibu liandikwe na kocha aliyemnoa mtoto, si ofisi. Makocha, mistari mitano inatosha. Mwandikieni.