Niliyekubali Koma Ndiye Mimi

Mhariri wa jarida moja la Kiingereza amenirudishia insha. Hakusema ni mbaya. Kasema haikuandikwa na mtu. Akaambatanisha picha ya skrini: asilimia 81, akili mnemba.

Jamani, insha ile nimeiandika usiku tatu, inamhusu bibi yangu aliyekuwa akiuza vitumbua. Kosa langu ni moja. Kabla ya kuituma niliipitisha kwenye kisahihishi cha sarufi, kwa sababu Kiingereza ni lugha yangu ya tatu na naogopa kuchekwa.

Koma na tahajia nilizihitaji, sikatai. Lakini kile chombo hakiishii hapo. Sentensi yangu ndefu, ile ambayo sauti ya bibi inafika mtaani kabla ya sinia lake, kiliikata vipande vitatu vya urefu sawa. Neno nililolitafuta nusu saa kikaniambia halieleweki, kikanipa lile ambalo kila mtu hulitumia. Nikabofya kubali, kubali, kubali.

Sasa tazama kigunduzi kinavyofanya kazi. Hakijui nani aliandika. Baadhi ya vigunduzi hupima kila neno lilivyo rahisi kubashiriwa kutokana na maneno yaliyolitangulia, na vingine hutazama pia kama sentensi zinapishana urefu. Ukiandika yanayotarajiwa, kwa mwendo uleule, wewe ni mashine. Yaani kisahihishi kinakusukuma kwenye neno la kawaida, halafu kigunduzi kinakukamata kwa kulitumia.

Nilirudi kwenye historia ya faili, nikachukua rasimu ya kwanza pamoja na makosa yake, nikaipima kwa kigunduzi kilekile. Asilimia 12. Mwandishi yuleyule, bibi yuleyule!

Wala si bahati mbaya yangu peke yangu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipa vigunduzi saba insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu zilihukumiwa kuwa za mashine. Insha za wanafunzi wa darasa la nane Marekani zilipita karibu zote. Mwenye msamiati mdogo hubashirika kirahisi, basi. Mwaka huohuo OpenAI, wenye ChatGPT, walikiondoa kigunduzi chao wenyewe kwa kukosa usahihi.

Kwa hiyo ugomvi wangu si na programu. Ni na mhariri anayeisoma namba na kuacha kuisoma insha. Angeniuliza bibi aliuzia wapi, au angeomba rasimu, angepata jibu kwa dakika tano. Miaka yote wahariri wametuambia tusafishe Kiingereza chetu kabla ya kutuma. Tumesafisha, sasa tunaulizwa kwa nini hakuna uchafu.

Nimemtumia rasimu ya kwanza, makosa yote ndani, sinia na sauti mahali pake. Hajajibu.