Mstari Huu Unahesabu Watu

Matokeo ya moko yakishabandikwa ubaoni, mwalimu wa taaluma huja na swali lake la kila mwaka: darasa limekaaje? Hataki orodha ya majina. Anataka kujua mwanafunzi wa katikati kapata ngapi, robo ya chini imeishia wapi, na walio juu wamewaacha wenzao kwa umbali gani. Njia ya haraka ya kumjibu ni grafu ya marudio limbikizi, ambayo shuleni wengi huiita ojaivu. Kuichora ni kazi ya nusu saa. Kuisoma ndiko kunakoharibu mambo, kwa sababu yapo madai yanayorithishwa kutoka darasa moja hadi jingine, na mengine nimeyakuta hata kwenye madaftari ya walimu wenzangu.

Nitayajibu kwa jedwali ninalolitumia kufundishia, la wanafunzi 80 na mtihani wa alama 100.

| Alama | Wanafunzi | Jumla limbikizi |
|---|---|---|
| 11–20 | 4 | 4 |
| 21–30 | 10 | 14 |
| 31–40 | 22 | 36 |
| 41–50 | 20 | 56 |
| 51–60 | 10 | 66 |
| 61–70 | 7 | 73 |
| 71–80 | 4 | 77 |
| 81–90 | 2 | 79 |
| 91–100 | 1 | 80 |

Safu ya tatu hupatikana kwa kujumlisha ukishuka: 4, kisha 4 na 10 ni 14, kisha 14 na 22 ni 36, hivyo hivyo hadi 80. Kwenye karatasi ya grafu mimi hutumia sentimita 2 kwa kila alama 10 kwenye mhimili wa mlalo, na sentimita 1 kwa kila wanafunzi 5 kwenye mhimili wa wima. Kipimo hicho kina raha yake: mraba mdogo mmoja unakuwa alama 1 kwa upana na mwanafunzi 1 kwa urefu.

Dai la kwanza linaharibu kazi kabla hata ya kusoma. Wanasema kila nukta iwekwe katikati ya kundi, yaani 36 iwekwe juu ya 35.5. Najua linakotoka. Kwenye poligoni ya marudio nukta huwekwa katikati kweli, na mtoto aliyejifunza poligoni Jumatatu huja nayo kwenye ojaivu Jumatano. Lakini hebu uisome nukta hiyo kwa sauti: "Wanafunzi 36 wamepata 35.5 au chini yake." Ni kweli? Ndani ya hao 36 wanaweza kuwamo waliopata 38, 39 na 40. Hesabu ya 36 inatimia pale tu kundi linapokwisha, kwa hiyo nukta yake inakaa kwenye mpaka wa juu, 40.5. Nusu hiyo inatokana na pengo kati ya 40 na 41, ambalo tunaligawa sawa kwa makundi yote mawili. Mstari unaanzia sifuri juu ya 10.5, maana hakuna aliyepata chini ya 11.

Hasara ya kosa hili inapimika. Ukiweka nukta kwenye mipaka ya juu, mediani inasomeka 42.5. Ukiziweka katikati ya makundi, mstari mzima unasogea kushoto kwa alama 5 na mediani inasomeka 37.5. Sura ya mstari haibadiliki hata kidogo, ndiyo maana kosa hili halionekani kwa macho. Linakamatwa kwa kuisoma nukta moja kwa sauti kama nilivyofanya hapo juu.

Dai la pili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linavuka mlango wa shule na kufika nyumbani. Linasema pasentaili ya 90 ni alama 90, na mediani ni alama 50. Mzazi mmoja alinijia na karatasi mkononi. "Mwalimu, umeandika binti yangu yupo pasentaili ya 90, na hapa naona 69. Nyingine zimekwenda wapi?" Hakuna alama iliyopotea. Nilimpa rula na penseli, tukaisoma grafu pamoja.

Tulianza na watu. Asilimia 90 ya wanafunzi 80 ni wanafunzi 72. Tukaitafuta 72 kwenye mhimili wa wima, ule wenye idadi ya watu, tukapiga mstari wa mlalo kwenda kulia mpaka ukagusa ule uliopinda. Hapo tukageuza rula, tukashuka wima hadi chini. Penseli ikatua kwenye 69. Maana yake ni kwamba wanafunzi wapatao 72 wamepata alama kama hizo au pungufu, na wanane hivi ndio waliomzidi binti yake. Mzazi akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na angepata 90 yenyewe?" Swali zuri sana, kwa sababu linaisoma grafu kinyumenyume: unaanzia chini, unapanda hadi kwenye mstari, unageukia kushoto. Juu ya 90.5 mstari uko kwenye 79. Mwenye 90 angekuwa karibu na pasentaili ya 99.

Kwa mediani njia ni hiyo hiyo. Nusu ya 80 ni 40. Ingia kwenye 40 ya wima, nenda kulia, shuka: 42.5. Robo ya chini ni mtu wa 20, inatua kama 33. Robo ya juu ni mtu wa 60, inatua kama 54 na nusu. Kwa hiyo nusu ya darasa, ile ya katikati, imebanana ndani ya alama 21 hivi. Anayeingilia kwenye alama 50 za mhimili wa mlalo na kuita hiyo mediani amesoma nusu ya mtihani, na sisi tulitaka nusu ya wanafunzi.

Dai la tatu ni la wanaobishana kama uingilie kwenye 40 au 40.5, kwa sababu kanuni ya orodha ya namba zilizopangwa inatumia (n + 1) ÷ 2. Kwa alama ambazo hazijapangwa kwa makundi wako sahihi. Kwenye grafu hii tunatumia n ÷ 2, maana mstari unapanda mfululizo kutoka 0 hadi 80 na katikati yake ni 40. Ukishikilia 40.5 utapata 42.75, tofauti ya robo alama, ambayo ni nyembamba kuliko ncha ya penseli nyingi nilizoziona darasani. Sitampunguzia mtoto alama kwa hilo.

Dai la nne nalisikia kwa wanaoitazama grafu kwa mbali: pale mstari unapopanda kwa kasi ndipo wanafunzi walipofanya vizuri. Hapana. Mstari huu hauwezi kushuka, wa darasa bora wala wa darasa dhaifu, kwa hiyo kupanda peke yake si habari. Mwinuko mkali unaonyesha msongamano. Kwenye jedwali letu mkali kuliko yote uko kati ya 31 na 50, ambako wamejazana wanafunzi 42. Anayetoka 35 kwenda 45 anawapita wenzake 21. Anayetoka 75 kwenda 85, alama kumi zile zile, anawapita watatu tu.

Mwinuko huo unaamua pia kosa la mkono litakugharimu kiasi gani, na hili halifundishwi inavyostahili. Chukulia rula yako imeteleza mraba mdogo mmoja kwenda juu, yaani mwanafunzi 1. Karibu na mediani mstari ni mkali, hivyo jibu litahama nusu alama tu. Kwenye kundi la 71–80, mstari umelala, na kuteleza kule kule kunalihamisha jibu alama 2 na nusu. Kwa hiyo mediani na robo za darasa hili zinaweza kuaminiwa kuliko pasentaili za juu, hata kama mchoraji ni mmoja na penseli ni ile ile.

Linabaki dai la mwisho, kwamba grafu ikichorwa vizuri jibu lake ni kamili. Hapa ndipo ningeomba walimu wenzangu tukae kitako. Mara tu ulipoandika "41–50: wanafunzi 20", ulizitupa alama zao halisi. Ulipounganisha nukta mbili kwa mstari, ulidhani kwamba hao 20 wamesambaa sawasawa kutoka 41 hadi 50. Ni dhana, na 42.5 imesimama juu yake. Tunachokijua kwa uhakika ni kwamba mtu wa 40 na wa 41 wote wamo ndani ya kundi hilo, kwa sababu 36 wameishia 40. Mediani ya kweli iko mahali fulani kati ya 41 na 50.

Na alama za mtihani hazisambai sawasawa. Kwa madaraja ya kidato cha nne hapa Tanzania, D inaanzia 30, C 45, B 65 na A 75. Msahihishaji aliyefika 44 huirudia karatasi, akatafuta kama kuna alama moja aliyoiruka. Akiipata, mtoto anakuwa 45. Ikiwa katika wale 20 watatu tu wamebaki chini ya 45 na waliosalia wameanzia hapo, mediani halisi inakuwa 45 au zaidi, huku grafu ikiendelea kusema 42.5.

Mkiani hali ni mbaya zaidi. Pasentaili ya 99 ni mtu wa 79.2, na mstari utakupa 92.5 bila kusita. Lakini kundi la 91–100 lina mtu mmoja. Labda kapata 91, labda 100. Ile 92.5 imetoka kwenye rula.

Mwalimu wa taaluma akiniuliza mediani, humjibu "kama 42 au 43, kwa kukadiria", na huiacha mistari ya penseli ionekane ili mwingine aweze kuifuata. Akiniuliza wangapi wamepata F, ninaweza kupanda kutoka 29.5 na mstari utanipa 13. Ila kundi la 21–30 lina watu 10, na mpaka wa 30 unapita ndani yake, pale pale msahihishaji anaporudia karatasi. Wote kumi wakiwa na 30, waliofeli ni 4. Asipokuwepo hata mmoja mwenye 30, ni 14. Kwa swali hilo naifunga karatasi ya grafu, namwomba orodha ya alama, na tunahesabu mmoja mmoja.