Muhtasari hauna nauli ya Murongo

Tuache kudanganyana kwamba muhtasari wa Google unamsaidia msomaji. Unamzuia mlangoni. Utafiti wa Pew uliotoka Marekani 2025 ulikuta kwamba muhtasari ukitokea, watu hufungua kiungo cha matokeo mara 8 katika kila utafutaji 100; usipotokea, mara 15.

Chukua Murongo. Habari ya 2010 iliiweka wilaya ya Karagwe, na ilikuwa sahihi, maana Kyerwa ilizaliwa 2012. Ukifungua ukurasa unaiona tarehe, unajiongeza. Kwenye muhtasari, ya zamani na mpya hupikwa chungu kimoja. Nani atasahihisha? Mwandishi anaishi kwa matangazo. Ukurasa usipofunguliwa, nauli ya Murongo ataitoa wapi? Na asipokwenda, kesho mtafupisha nini?