KICHWA KINASEMA TUZO TATU, MWENYEWE HANA HATA MOJA! ADMINI, SOMA KWANZA NDIPO UPANDISHE

Leo mtanisamehe, sina umbea wa nani kamuacha nani. Nina ugomvi na hawa ndugu zetu wanaopandisha video za wasanii, halafu kichwa na maelezo wanaiachia akili mnemba iandike. Kuitumia siyo dhambi, inasaidia. Dhambi ni kubonyeza kitufe bila kusoma ilichoandika.

Nianze na kisa chenyewe, majina kapuni. Kuna dada mmoja anaimba taarabu, bado hajawa na jina kubwa. Jumamosi moja aliitwa Mbeya kutumbuiza kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi. Ukumbi wa kawaida, watu kama mia mbili hivi, akapiga wimbo wa zamani wa mtu mwingine, akina mama wakamtunza mpaka basi. Mwenye chaneli akaipata klipu, akaipa mashine jina la dada na maneno matatu tu: msanii, taarabu, ukumbini. Ikamrudishia hivi:

"Tazama msanii nguli kutoka Tanga, mshindi wa tuzo tatu na mke wa zamani wa mtangazaji maarufu, akitikisa jukwaa mbele ya maelfu ya mashabiki jijini Dar es Salaam kwa wimbo wake mpya."

Kaka wa watu akakopi, akapesti, akaenda kulala.

Sasa hesabuni wenyewe. Dada ni mtu wa Songea, siyo Tanga. Tuzo hana. Dar hakuwepo siku hiyo. Maelfu hawakuwepo. Wimbo siyo wake wala siyo mpya. Na ndoa? Hajawahi kuolewa, ndiyo kwanza posa imepelekwa kwao! Mashangazi wa mchumba wakaisoma hiyo "mke wa zamani" kabla ya mchumba mwenyewe. Mpaka leo kuna vikao vya wazee. Sentensi moja, na anayeulizwa maswali ni mtu ambaye hata hakuombwa ruhusa.

Mtauliza, mashine ilitoa wapi yote hayo? Haikumjua dada hata kidogo. Inachofanya ni kupanga maneno ambayo kwa kawaida hufuatana. Ikisikia taarabu inavuta Tanga, kwa sababu tangu enzi za Black Star na Lucky Star hayo mawili yameandikwa pamoja mara nyingi. Ikisikia msanii inavuta tuzo na maelfu ya mashabiki. Na ikisikia msanii wa kike, kwa jinsi sisi waandishi wa udaku tulivyoandika miaka yote, inavuta mume wa zamani. Ukiipa taarifa kidogo, pengo inalijaza kwa kubahatisha, na inabahatisha kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Haigugumizi, haisemi "nimesikia".

Msidhani haya ni ya mitaani kwetu tu. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times la Marekani lilitoa kiambatanisho chenye orodha ya vitabu 15 vya kusoma kipindi cha joto, kila kimoja na maelezo yake matamu. Vitabu vya kweli vilikuwa 5. Vingine 10 havijawahi kuandikwa! Aliyeiandaa orodha alikiri alitumia akili mnemba na hakuhakiki. Mtego ulikuwa hapa: waandishi waliotajwa, kama Isabel Allende na Andy Weir, ni watu wa kweli kabisa. Jicho likiona jina linalolijua linatulia, halichunguzi kilichobaki. Kwa hiyo jina sahihi siyo ushahidi kwamba sentensi nzima ni sahihi.

Basi kuhakiki kunafanywaje? Chukua maelezo ya mashine, pigia mstari kila neno ambalo mtu anaweza kukuuliza "nani kasema?" Namba, mahali, tarehe, tuzo, undugu, ndoa, na maneno kama wa kwanza, pekee, mpya, nguli. Kwenye kisa chetu mistari inafika kumi hivi katika sentensi moja. Halafu kila mstari uutafutie pa kusimama: dakika fulani ndani ya video, au simu kwa msanii au meneja wake. Usipopata, futa. Usilainishe kwa kuandika "inasemekana", futa. Na usiiulize mashine ile ile kama ina uhakika. Inaweza kukujibu ndiyo na ikakuongezea uongo wa pili kuutetea wa kwanza.

Ukimaliza, maelezo ya yule dada yanabaki hivi: "Akiimba wimbo wa zamani wa taarabu kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi, Mbeya. Kuanzia dakika ya pili akina mama wanasimama kumtunza." Mafupi, ya kweli, na kusema kweli yanavutia zaidi. Nani hataki kuona akina mama wakitunza?

Ugonjwa wa pili ni marudio. Kuna chaneli moja, siitaji, ina video 40 na vichwa karibu vyote vinaanza "Hautaamini alichokifanya". YouTube inakupa herufi 100 za kichwa, na kwenye simu mara nyingi mtu anaona zile za mwanzo tu. Ukizimaliza kwa maneno yale yale, video 40 zinaonekana kama moja, na mtazamaji anapita. Mwenyewe haoni kwa sababu anasoma kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa peke yake kinaonekana kizuri. Weka vichwa vyote kwenye jedwali la Google Sheets, safu ya A, kisha pembeni andika:

```
=COUNTIF(A:A, LEFT(A2,15)&"*")
```

Inakuambia ni vichwa vingapi vinaanza na herufi 15 zile zile. Ikileta 1, uko salama. Ikileta 12, una kazi ya kufanya. Ila hiyo inakamata mwanzo tu. Maelezo yanayosema "ya kusisimua", mstari wa pili "yenye msisimko", wa tatu "itakayokusisimua", hayo yanakamatwa kwa kusoma kwa sauti, hakuna njia ya mkato.

Najua jibu lenu: "Bosi, tunapandisha video nane kwa siku, muda huo uko wapi?" Basi pandisha tano! Au andika kichwa cha maneno sita unayoyajua, maelezo yaache matupu. Hakuna aliyewahi kuvunjiwa posa na maelezo matupu. Halafu kumbukeni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hapa Tanzania ina kifungu cha kuchapisha taarifa za uongo. Ukiitwa kujieleza, mashine haitaitwa na wewe, chaneli ina jina lako.

Na mkikosea, msifute kimya kimya. Wenzenu walishakopi ndani ya saa moja. Rekebisha, kisha andika juu kabisa kwamba yale ya ndoa na tuzo hayakuwa kweli. Yule kaka yeye alibadilisha "Tanga" tu akaona kamaliza, "mke wa zamani" bado ipo mpaka ninavyoandika hapa. Kaka, kama unasoma, unajijua. Ifute leo, na umpigie dada wa watu simu.

Haya wadau, tiririkeni kwenye komenti: mmeshakutana na maelezo gani ya uongo yanayomhusu mtu mnayemfahamu? Majina kapuni tafadhali.