Pipi, Loti na Levareji: Tufanye Hesabu Kabla ya Kutoa Fedha



Wiki hii twajibu swali la mama mmoja, msomaji wetu, ambaye bintiye anafundisha Manga, katika kaunti ya Nyamira. Binti amejifunza kwa walimu wenzake biashara ya sarafu inayofanywa kwa simu, na sasa amemwomba mamake shilingi 26,000, fedha za zamu yake ya upatu. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 130, hizo ni dola 200. Binti asema kwa dola 200 ataweza kuendesha biashara ya dola 80,000. Mama atuuliza kama hayo ni kweli.

Ni kweli, na hapo ndipo hatari ilipojificha. Tuyafahamu maneno matatu.

La kwanza ni pipi, na si ile ya watoto. Bei ya yuro kwa dola, inayoonekana kwenye simu kama EUR/USD, husomwa kwa tarakimu nne baada ya nukta. Ikitoka 1.1000 ikafika 1.1001, imepanda pipi moja.

La pili ni loti, yaani kipimo cha mzigo. Loti moja kamili ni yuro 100,000, na kila pipi moja ya mzigo huo ni dola 10. Loti 0.10 ni yuro 10,000, na pipi yake ni dola moja. Loti 0.01 ni yuro 1,000, na pipi yake ni senti 10 za dola.

La tatu ni levareji. Hii ni nguvu ya mkopo anayoitoa dalali. Levareji ya 1:400 maana yake ni kwamba kwa kila dola 400 za mzigo, mteja huweka dola moja tu kuwa dhamana.

Sasa tuchukue dola 200 za binti yetu. Ananunua loti 0.50 kwa bei ya 1.1000. Huo ni mzigo wa yuro 50,000, sawa na dola 55,000. Dhamana yake ni dola 137.50, na kila pipi ni dola 5. Wakati uleule bei ya kuuzia ni 1.0998, kwani dalali huchukua chake katika pengo la bei mbili hizo. Kwa hiyo biashara haijaanza, naye amekwisha kupungukiwa na pipi 2, yaani dola 10.

Bei ya kuuzia ikipanda hadi 1.1026 akauza, amepata pipi 26, dola 130, karibu shilingi 17,000. Faida hii ndiyo anayosimuliwa.

Ikishuka hadi 1.0974, amepoteza pipi 26 zizo hizo. Dola 200 zimebaki 70. Madalali wengi hufunga biashara wenyewe salio linapofika nusu ya dhamana, ambayo hapa ni karibu dola 69. Basi ikishuka kidogo tu zaidi, mlango umefungwa, na hata bei ikirudi juu baadaye, yeye hayumo tena. Pipi 26 si dhoruba. Soko laweza kuzipita kwa saa chache.

Lakini tazameni. Lau angalinunua loti 0.01 kwa levareji ileile, pipi 26 zingalimgharimu dola 2.60, yaani shilingi 338. Kumbe kinachopima hasara ni loti. Levareji humruhusu mtu mwenye fedha kidogo kubeba loti asiyoimudu. Kwa hiyo mama asimuulize bintiye atapata ngapi. Amuulize: utanunua loti ngapi, na bei ikirudi nyuma pipi 30 utabakiwa na nini?

Iko na hesabu ya pili, nayo ni ya dini. Biashara ikilala usiku, hutozwa ada inayotokana na riba ya sarafu mbili hizo. Wako madalali wanaofungua akaunti za Kiislamu zisizo na ada hiyo. Hata hivyo, Baraza la Fiqhi la Rabita, lilipokutana Makka mwaka 2006, liliamua kwamba biashara hii ya dhamana haijuzu. Miongoni mwa sababu zake, mbali na riba, ni kwamba mkopo umefungamanishwa na sharti la kufanya biashara kupitia kwa huyo huyo aliyekopesha. Kuondoa ada ya usiku hakuondoi sharti hilo. Mama na binti wamwendee shekhe wao na hesabu hii mkononi.

Kwa upande wa sheria ya nchi, Kenya ina kanuni za biashara hii tangu 2017, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Dalali asiyekuwemo katika orodha yao asipewe hata shilingi. Lakini leseni humchunga dalali. Haizuii pipi kushuka.

Rai yetu kwa mama ni kwamba fedha za upatu zibaki nyumbani.

Wallahu aalam. Wassalamu alaykum.